Maji Hupoza, Kulanti Hulinda

Dar es Salaam hakuna baridi ya kugandisha maji ndani ya injini, ndiyo maana madereva wengi huuliza: kulanti ya nini, na bomba lipo? Swali lao si la kijinga. Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na glaikoli. Kulanti huchelewa kuchemka, lakini kazi yake kubwa katika nchi ya joto ni kulinda vyuma.

Injini nyingi zina hedi ya alumini iliyofungwa juu ya bloku ya chuma. Vyuma viwili tofauti vikilowa maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo huliwa. Kwa kawaida alumini hujifunika utando mwembamba unaoilinda. Chumvi, kama ile ya visima vingi vya pwani, hutoboa utando huo na kuchimba vishimo. Kishimo kikifika kwenye mdomo wa gasketi, maji hupata njia.

Ndani ya kulanti mna dawa za kuzuia kutu. Silikati hupaka utando kila mahali, kwa hiyo huisha upesi. Asidi za kikaboni hushika zaidi pale kutu inapoanza, ndiyo maana hudumu miaka mingi zaidi. Ukichanganya aina hizo mbili, ulinzi hupungua, na wakati mwingine hutokea utelezi mzito unaoziba rejeta. Rangi isikudanganye: soma kitabu cha gari.

Sasa tuchukue gari lenye mfumo wa lita 6: lita 3 za kulanti isiyochanganywa na lita 3 za maji. Paipu inavuja. Kila lita moja ikipungua, dereva anaongeza lita moja ya maji ya bomba. Baada ya mara tatu, kulanti imeshuka kutoka asilimia 50 hadi 29 hivi, na dawa imepungua pamoja nayo. Gari bado halichemshi, kwa hiyo haoni tatizo. Dalili ziko kwingine: maji yamegeuka rangi ya chai, na kwenye maungio ya paipu pameota unga mweupe.

Fundi makini huziba kwanza uvujaji, kisha husafisha mfumo kwa maji yaliyokenekwa injini ikiwa imepoa. Hapo wengi hukosea. Ukifungua rejeta, si maji yote yanayotoka. Tuseme lita 2 zimebaki ndani ya bloku. Ukijaza lita 4 za mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kulanti itakuwa lita 2 tu kati ya 6, yaani theluthi moja. Mimina kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha malizia kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa.