Umeme Ukirudi, VPN ya Nyumbani Itaamka?

Wengi wanaonunua kompyuta ndogo ya ubao mmoja ili iwe lango la VPN nyumbani huanza kwa kuuliza kasi. Kasi ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Ugumu huja siku umeme unapokatika saa nane mchana, mwenye nyumba yuko Dodoma kikazi, watoto wako shule, umeme unarudi saa kumi na hakuna mtu wa kwenda kubonyeza kitufe. Lango la kuaminika ni lile linaloinuka lenyewe na kufungua njia kabla mwenyewe hajajua kama umeme ulikatika.

Tuchukue nyumba moja ya Kimara, Dar es Salaam. Ina faiba ya megabiti 40 kwa sekunde za kushusha na 20 za kupandisha, kamera chache zinazorekodi kwenye boksi lililoko sebuleni, na diski yenye nyaraka za duka. Mwenyewe anataka kuvifikia vyote akiwa safarini, bila kuviacha wazi kwa kila mtu wa intaneti. Kifaa alichochagua ni Raspberry Pi 4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2019. Kwa Tanzania, kabla ya kuchomeka waya wowote kuna suala la sheria: Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN wawasilishe taarifa kwao. Ni vyema aulize kama linamhusu, hata kama njia yake inaishia kwenye kamera zake mwenyewe.

Kasi tuimalize upesi. Mtu akitazama kamera za nyumbani akiwa mbali, kinachosafiri ni data inayopandishwa kutoka nyumbani, kwa hiyo ukomo wake ni zile megabiti 20 na si 40. Pi 4 inayotumia WireGuard hupitisha megabiti mamia kwa sekunde. Kwa kazi hii itakuwa imekaa tu. Hata Pi 3 ya zamani, ambayo tundu lake la waya ni la megabiti 100, ingetosha. Tofauti hujitokeza ukichagua OpenVPN kwa mtindo wake wa kawaida. Hiyo hufanya kazi nje ya kiini cha Linux na hutegemea koa moja ya prosesa, na kwa kawaida husimba data kwa AES, ilhali prosesa ya Pi 4 haina amri maalumu za AES. Pi 5 ya mwaka 2023 inazo. WireGuard, iliyoingizwa ndani ya kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, hutumia ChaCha20, ambayo hukimbia vizuri hata kwenye prosesa isiyo na amri hizo. Ukitaka kujua kama kibao chako ndicho kinachokwamisha, pima kwa `iperf3` kupitia VPN huku `top` ikiwa wazi. Prosesa ikiwa imepumzika na kasi imegota kwenye 20, tatizo ni laini ya intaneti, na kununua kibao kikubwa zaidi ni kutupa hela.

Jambo lililo zito kuliko kasi ni anwani. Ukifungua ukurasa wa ruta ukakuta anwani ya upande wa intaneti inaanzia 100.64 hadi 100.127, ujue mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna simu inayoweza kuipigia nyumba yako moja kwa moja. Nyumba yetu ya Kimara ndivyo ilivyo. Suluhisho ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya wazi. Pi ndiyo inaipigia seva, na simu ya mwenye nyumba nayo inaipigia seva hiyohiyo. Likumbuke hili, maana ndilo litakaloleta kisa cha saa huko mbele.

Sasa memori kadi. Lango halihifadhi chochote cha maana, na kadi ya gigabaiti 16 inabaki na nafasi tele. Ukubwa hausaidii kitu. Hatari iko kwenye kuandikwa. Ndani ya kadi kuna kidhibiti kidogo kinachohamishahamisha data kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na kinapofuta, hufuta vipande vikubwa kwa mpigo. Umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo, kinachoharibika kinaweza kuwa faili ambalo halikuwa likiandikwa na mtu yeyote, hata faili la kuwashia mfumo. Mfumo wa mafaili wa ext4 una daftari lake la kurekebisha makosa baada ya kuzimika ghafla, lakini haulioni hili, kwa sababu linatokea chini yake, ndani ya kadi yenyewe. Dalili zake ni hizi: kibao kinawaka taa nyekundu tu, ile ya kijani inayoonyesha kadi kusomwa haichezi, au mfumo unaamka ukiwa umejifunga usiandikwe.

Dawa ni kutoandika. Katika `raspi-config`, kwenye `Performance Options`, kuna `Overlay File System`. Ukiiwasha, kadi inasomwa tu. Kila kinachoandikwa kinakaa kwenye RAM na kupotea kibao kikizimwa. Kwa lango la VPN hiyo ni hali nzuri kabisa, kwa sababu funguo na mipangilio havibadiliki kila siku. Unachopoteza ni wepesi wa kusasisha: kila mara uizime, uwashe kibao upya, usasishe, kisha uirudishe. Watu huchoka na kuacha kusasisha, na lango lililoachwa hivyo mwaka mzima linakuwa na mashimo ya usalama, kwa hiyo jipangie siku ya kazi hiyo kila mwezi.

Betri nayo ina hesabu yake. Pi 4 inayofanya kazi nyepesi hula kama wati 4, ruta tuseme 8, na kile kiboksi cha faiba 4. Jumla ni 16, na ni lazima uhesabu vyote vitatu, maana Pi iliyo hai nyuma ya ruta iliyokufa haina faida. Viboksi vidogo vya UPS vinavyouzwa madukani vikiandikwa mAh 10,000, namba hiyo huwa ni ya seli za ndani zenye volti 3.7, yaani wati-saa 37. Ondoa asilimia 15 inayopotea katika kugeuza volti, unabaki na kama 31, na kwa mzigo wa wati 16 hazifiki saa mbili. Betri ya LiFePO4 ya volti 12.8 na Ah 12 ina wati-saa 153. Ukitumia asilimia 80 na kutoa upotevu huohuo, unapata saa sita na nusu.

Kabla ya kulipia betri kubwa, subiri umeme ukatike kisha tazama taa za kiboksi cha faiba kikiwa kwenye betri yoyote ya kuazima. Taa ya PON ikiendelea kuwaka kijani, njia ya mtoa huduma ipo. LOS ikiwaka nyekundu kila umeme wa mtaa unapokatika, basi mtambo wao nao umezimika, na betri yako itakuwa inalinda ruta isiyo na pa kwenda.

Angalia pia pale chanzo kinapobadilika. Pawabenki nyingi hukata umeme kwa kitambo kidogo zinapohama kutoka kuchajiwa hadi kutoa. Simu haitambui, Pi inajizima na kuwaka upya. Hata isipozimika, volti inaweza kushuka mno. Pi huweka kumbukumbu ya jambo hilo tangu ilipowashwa:

```
vcgencmd get_throttled
throttled=0x50000
```

Jibu la `0x0` ni salama. `0x50000` maana yake volti iliwahi kushuka na prosesa ikapunguzwa kasi. Aghalabu mkosaji ni chaja dhaifu au waya mwembamba.

Tufike sasa kwenye kisa kinachowasumbua mafundi wengi. Umeme umerudi, taa zote ziko sawa, Pi imewaka na ukiwa sebuleni unaingia ndani yake bila shida, lakini kutoka Dodoma hakuna kitu. Ukiuliza `sudo wg show` unaona hivi:

```
transfer: 0 B received, 4.34 KiB sent
```

Pi inatuma, haijibiwi. Sababu ni saa. Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimika, haijui muda gani umepita. Kwa kawaida hujiandikia muda kwenye kadi na kuendelea kutoka hapo, lakini sisi tumeifunga kadi isiandikwe, kwa hiyo kila ikiwaka inarudi kwenye tarehe ya siku ile tulipoifunga. WireGuard nayo hubandika muda kwenye kila ombi la kuanzisha mawasiliano, na seva hukataa ombi lenye muda ulio nyuma ya lile la mwisho ililopokea kwa ufunguo huo. Ni kinga dhidi ya mtu anayenasa ombi la zamani na kulirudia. Seva haitoi hata neno la kukataa. Hunyamaza tu, na ndiyo maana fundi anahangaika na ruta isiyo na kosa.

Kwa kawaida hali hii hujitibu: Pi ikipata intaneti huuliza muda kwa seva za NTP, saa inakaa sawa, na ombi linalofuata linakubaliwa. Haijitibu pale mtu alipoamuru data yote ya Pi ipite ndani ya VPN kwa `0.0.0.0/0`. Hapo ombi la muda linasubiri VPN ifunguke, na VPN inasubiri muda. Mpangilio wa Pi wa kuepuka mkwamo huo ni huu:

```
[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_SEVA
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Anwani za VPN pekee ndizo zinazopita ndani. NTP inatoka moja kwa moja. Seva imetajwa kwa namba badala ya jina, kwa kuwa Pi huwahi kuamka kabla ya ruta, na ikitafuta jina wakati huo inaweza kukosa na kukata tamaa. Ule mstari wa mwisho unaifanya Pi ijitokeze kwa seva kila baada ya sekunde 25. Ukitaka usalama zaidi, ongeza saa ya DS3231 yenye betri yake ya kifungo. Pi 5 ina saa ndani yake, ila betri yake hununuliwa peke yake, na wengi huisahau.

Yote haya yajaribiwe mwenyewe akiwa bado nyumbani. Zima swichi kuu, acha betri iishe kabisa, maana ikielekea kwisha volti huyumba na hapo ndipo kadi huumia. Subiri nusu saa, washa, kisha zima Waifai ya simu na uingie kwa bando. Kamera zikionekana ndani ya dakika tano bila kugusa kitu, rudia jaribio kesho yake, safari hii ruta ikichomekwa dakika kumi baada ya Pi.