Tenisi bila uwanja: raketi fupi, mpira laini na ukuta wa darasa

Shule nyingi za msingi hupata raketi za tenisi kama msaada, na mara nyingi raketi hizo ni za watu wazima. Mtoto wa Gredi ya 3 hupewa raketi ya sentimita 68 na mpira wa kawaida wa manjano, anakosa mpira mara tano au sita, kisha mwalimu anaamua kwamba mchezo huo si wake. Uamuzi huo huwa wa haraka mno, kwa sababu hitilafu ya kwanza huwa kwenye mpira wenyewe.

Mpira wa manjano hupimwa kwa kuangushwa kutoka kimo cha sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, na sharti udunde hadi kati ya sentimita 135 na 147. Mtoto wa miaka minane ana kimo cha kama sentimita 125. Kwa hivyo mpira uliopigwa na mtu mzima humfikia kwenye bega au juu ya kichwa, ilhali mahali pazuri pa kuupiga ni usawa wa kiuno. Mtoto hufanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: anarudi nyuma, anainua kiwiko, na kuupiga mpira kama anayefukuza nzi. Akiendelea hivyo kwa muhula mmoja, mkono wake huzoea mtindo huo, na kuuondoa baadaye ni kazi kubwa kuliko kumfundisha mgeni kabisa.

Kwa sababu hiyo, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limegawa mafunzo ya watoto katika hatua tatu zinazotambulika kwa rangi za mipira. Mpira mwekundu huenda polepole kwa asilimia 75 kuliko wa manjano, wa rangi ya chungwa kwa asilimia 50, na wa kijani kwa asilimia 25. Tangu 2012 kanuni za mchezo haziruhusu mpira wa manjano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Anayeanza hutumia mwekundu. Ukiangushwa kutoka kimo kile kile cha sentimita 254, mwekundu hudunda kati ya sentimita 90 na 105 tu, na katika mchezo wa watoto hufika karibu na kiuno chao.

Wakazi wa sehemu za juu wana sababu ya ziada ya kuzingatia jambo hili. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hivyo mpira wa kawaida huruka kwa kasi zaidi na kudunda juu zaidi. Kanuni zina mipira maalumu kwa maeneo yaliyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, na Nairobi, Nakuru na Eldoret zote zimepita kimo hicho. Mpira unaomsumbua mtoto wa Mombasa humsumbua zaidi mwenzake wa Eldoret.

Asiye na mpira mwekundu anaweza kutumia wa sponji, au mpira mkuukuu wa manjano uliokwisha upepo. Kabla ya kuutumia, aupime. Alama mbili huchorwa kwa chaki ukutani, moja kwenye sentimita 254 na nyingine kwenye sentimita 105, kisha mtu mmoja husimama juu ya kiti na kuuachia mpira bila kuusukuma. Ukipita alama ya chini, bado ni mgumu kwa anayeanza. Mpira wa sponji una udhaifu wake: upepo huubeba na nyasi huumeza. Siku ya upepo, darasa lihamie upande wa jengo uliokingwa, mahali penye saruji au udongo mgumu.

Raketi nayo hupimwa kwa mwili wa mtoto. Asimame wima, mkono ukining'inia na raketi ikielekea chini. Ncha yake ikigusa ardhi, ni ndefu mno. Kwa hatua ya mpira mwekundu, raketi huwa kati ya sentimita 43 na 58. Dalili ya raketi nzito huonekana mapema: kichwa cha raketi huinama kuelekea ardhini kabla mpira haujafika, na mtoto huishika juu ya mpini, karibu na nyuzi. Kibao cha plaiwudi kilicholainishwa kingo kwa msasa, chenye urefu wa sentimita 40 hivi, humfaa zaidi kuliko raketi ya kisasa ya mtu mzima.

Uwanja wa hatua hii una urefu wa mita 11 na upana wa mita 5.5, na wavu wa sentimita 80. Kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili na kuning'inizwa vitambaa ili ionekane hutosha.

Chukulia darasa la watoto 24, raketi 8 na ukuta wa ubavuni usio na madirisha, wenye upana wa mita 9. Ukuta huo hubeba wapigaji watatu, kila mmoja na mita zake tatu, na kila mpigaji huwa katika kundi la wanne. Mmoja hupiga, wa pili humwangushia mpira kutoka pembeni, wa tatu huudaka unaporudi, wa nne huhesabu. Baada ya mapigo sita hubadilishana. Watoto 12 waliobaki huenda kwenye kamba ndefu iliyogawa viwanja viwili vilivyo sambamba, wawili wakicheza katika kila uwanja na wengine wakiokota mipira na kuhesabu. Hapo raketi saba zimetumika, na ya nane ni ya mwalimu. Kila baada ya dakika 15 makundi hubadilishana mahali.

Ukuta una hila moja ambayo wengi hawaitambui. Mtoto aliye mita nne kutoka ukutani anacheza kana kwamba mwenzake yuko mita nane, kwa kuwa mpira huenda na kurudi. Akiupiga kwa nguvu, unarudi kwa nguvu, naye huupiga kwa nguvu zaidi kwa kuharakishwa, hadi mkono unafupika na kuwa wa kusukuma tu. Ndiyo maana mwanzoni mpira hudakwa baada ya kila pigo. Hilo likizoeleka, mtoto huruhusiwa kuuacha udunde mara mbili kabla ya kuupiga tena, na mdundo mmoja huja mwisho.

Mstari mmoja wa chaki huchorwa kwenye sentimita 80 kuwa wavu. Ukiwa peke yake, watoto hulenga juu kidogo tu ya mstari huo, na mapigo yao huwa bapa, ya kugongagonga. Kwa hivyo mraba huchorwa juu yake, kati ya mita moja na mita moja na nusu, uwe shabaha. Mpira unaougonga mraba hurudi kwa upinde na kumpa mpigaji muda wa kugeuza mabega.

Watoto wawili wakiweza kupigiana mara kumi mfululizo juu ya kamba, na kila mmoja akaanzisha mpira mwenyewe na kuhesabu pointi, wako tayari kwa mpira wa rangi ya chungwa na uwanja wa mita 18. Umri peke yake hautoshi kuamua hilo. Mtoto anayepandishwa mapema huonekana wazi: anaanza tena kurudi nyuma na kuinua kiwiko. Arudishiwe mpira mwekundu kwa majuma machache, na wenzake waambiwe kwamba hiyo si adhabu.