Mtoto mmoja, majibu manne

Katika mji wa Steubenville, jimbo la Ohio nchini Marekani, watafiti wa hewa chafu na afya waliwafuatilia watoto 537 tangu wakiwa na umri wa miaka 7 hadi 10. Kila mwaka swali lilikuwa lile lile: je, kifua cha mtoto hutoa mlio kama mluzi anapopumua? Jibu ni ndiyo au hapana. Iliandikwa pia kama mama yake alikuwa akivuta sigara utafiti ulipoanza.

Majibu yote ni 2,148, na katika hayo 326 ni ndiyo, yaani kama asilimia 15. Sasa tuseme jibu la mwaka huu halihusiani kabisa na la mwaka jana. Hapo watoto wa kusema ndiyo miaka yote minne wasingefika hata mmoja. Waliopatikana ni 18. Wengine 355 hawakuwahi kusema ndiyo hata mara moja. Ni wazi kwamba mtoto mwenye kifua kibovu hubaki nacho, na majibu yake manne hayawezi kuhesabiwa kama ya watoto wanne.

Regresheni ya lojistiki ya kawaida huyahesabu hivyo hivyo. Inatoa kipimo cha sigara ya mama cha 0.272 na kosa sanifu la kama 0.123, na mchambuzi mwenye haraka atatangaza kwamba sigara imethibitika kuwa na madhara.

Mwaka 1986 Kung-Yee Liang na Scott Zeger walichapisha njia nyingine, milinganyo ya makadirio ya jumla, ambayo wachambuzi wengi huiita GEE. Haijaribu kueleza kila kitu kuhusu kila mtoto. Inauliza jambo moja tu: kwa wastani, kundi la watoto wa mama wavutaji linatofautianaje na kundi lingine? Lakini inamtaka mchambuzi akisie kwanza majibu ya mtoto mmoja yanafungamana vipi. Kisio hilo ndilo muundo wa uhusiano wa kufanyia kazi. Likikosewa, makadirio hayaharibiki mradi sampuli ni kubwa na mlinganyo wa wastani ni sahihi, kwa sababu kosa sanifu hupimwa kutokana na jinsi data yenyewe ilivyotawanyika kutoka mtoto hadi mtoto. Kinachopungua ni ukali wa kipimo.

Miundo miwili inagombea hapa. Wa kwanza husema mwaka wowote unahusiana na mwingine kwa kiwango kile kile. Wa pili husema uhusiano hufifia kadiri miaka inavyoachana, na kwa kuwa data ni ya mwaka hadi mwaka, wengi huukimbilia huo bila kutazama. Tutazame. Miaka inayofuatana ina uhusiano wa wastani wa 0.39. Kama ungekuwa wa kufifia, umri wa miaka 7 na ule wa miaka 10 ungebakiwa na 0.06 tu. Katika data ni 0.33, karibu sawa na 0.32 ya miaka iliyoachana kwa miwili. Haufifii. Ni tabia ya kifua cha mtoto mwenyewe, haijalishi umepita muda gani, kwa hiyo muundo wa kwanza ndio unaofaa. Katika programu ya R, kifurushi cha geepack kina data hii:

```
geeglm(resp ~ age + smoke, id = id, data = ohio,
       family = binomial, corstr = "exchangeable")
```

Kipimo cha sigara kinakuwa 0.265, karibu kile kile, lakini kosa sanifu linapanda hadi 0.178. Kwa lugha ya kawaida, uwiano wa wenye mluzi kwa wasio nao ni mkubwa mara 1.3 kwa watoto wa wavutaji, ila ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0.92 na 1.85. Uthibitisho uliotangazwa kwa haraka umeyeyuka. Kosa sanifu la umri, kinyume chake, limeshuka kutoka 0.054 hadi 0.044, maana umri hubadilika ndani ya mtoto yule yule, naye analinganishwa na nafsi yake.

Kuna mtego mmoja. Amri hii hutambua mtoto kwa safu zinazofuatana. Data ikipangwa kwa umri badala ya kwa mtoto, kila safu inahesabika kuwa mtoto wake, na unarudi kulekule ulikotoka. Utaligundua hilo chini ya matokeo, kwenye idadi ya vikundi: inatakiwa isomeke 537. Na kama watoto wako hawafiki hata 40, usiliamini kosa sanifu hilo bila kulirekebisha, kwa kuwa huelekea kuwa dogo kuliko inavyostahili.

Ukiandika ripoti yako, taja muundo uliouchagua pamoja na namba zilizokufanya uuchague. Kusema tu kwamba GEE ilitumika hakumwezeshi msomaji kukagua chochote.