Chozi hutua, mvumaji hubaki hewani

Ukiwa Masasi au Newala, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua ni chozi. Mtazame vizuri: mara nyingi anatua kwanza kwenye kijitawi. Binamu yake wa sura tu, mvumaji wa Amerika (huku kwetu hayupo kabisa), kwa kawaida hunyonya akiwa amesimama hewani.

Anawezaje? Mabawa yake huenda mbele na nyuma yakichora namba 8 iliyolala. Bawa linaporudi hugeuka, likabeba karibu robo ya uzito wake.

Ila kazi hiyo inakula sukari kwelikweli. Moyo wake unaweza kupiga mara 1,200 kwa dakika, na mwili mdogo hupoteza joto upesi, kwa hiyo anarudi mauani mara kadhaa kila saa. Usiku je? Wengine huacha mwili upoe, wakazubaa hadi alfajiri.