Pengo la umri kati ya mama na mtoto linavyofichua mwaka usio sahihi

Anayeandika mti wa ukoo anaweza kugundua makosa kwa kuhesabu umri wa mama wakati kila mtoto alipozaliwa. Jibu likiwa chini ya miaka 13 au zaidi ya 50, kuna jambo la kuchunguza.

Mfano ni familia ya Gisenyi, wilayani Rubavu, ambamo mama ameandikwa kuwa alizaliwa tarehe 1 Januari 1948, na watoto wake mwaka 1958, 1961 na 1964. Pengo la kwanza ni miaka 10, jambo lisiloaminika. Hata hivyo, hesabu hiyo haionyeshi ni mwaka upi wenye kosa. Watoto wamepishana kwa miaka mitatu mitatu, mpangilio wa kawaida, hivyo shaka inaelekea kwa mama. Tarehe 1 Januari nayo mara nyingi huandikwa pale siku halisi isipojulikana.

Hapo wazee huulizwa matukio badala ya miaka. Wakikumbuka kuwa mama huyo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea wakati wa njaa kuu ya Ruzagayura, iliyoikumba Rwanda mwaka 1943 na 1944, basi alizaliwa karibu na 1942, na pengo linakuwa miaka 16. Mwaka huo huandikwa pamoja na neno “takriban”.

Ikiwa ushahidi unathibitisha 1948, huenda kosa limo katika uhusiano wenyewe: aliyeandikwa kuwa mama ni mlezi, wala si mzazi. Na pengo linaloaminika halithibitishi kwamba miaka yote miwili ni sahihi.