Hotuba ya mradi siku ya mgao

Hotuba ya kuwashawishi akina mama wa VICOBA waanzishe mradi wa pamoja hufaa zaidi siku ya mgao, kila mwanachama akiwa na fedha yake mkononi. Katikati ya mzunguko, akiba huwa imekopeshwa, na kuigusa ni kuwanyima wengine mikopo.

Msemaji mzuri huleta hesabu. Tuseme wanachama ni 25 na kila mmoja anatoa shilingi 20,000: zinapatikana 500,000. Viti 30 vya plastiki kwa 15,000 kila kimoja ni 450,000. Zinazobaki hununua rangi ya kuwekea alama na kitabu cha risiti. Kiti kikikodishwa kwa 500, shughuli moja huingiza 15,000. Basi viti vyote vikodishwe mara 30 ndipo fedha ya ununuzi irudi, bila kuhesabu vilivyovunjika. Akina mama waambiwe hivyo waziwazi, maana atakayeahidiwa faida ya mwezi wa kwanza atajitoa mwezi wa pili.

Mradi huu hauuawi na kukosa wateja peke yake. Huuawa na msiba wa jirani, harusi ya shemeji, viti vinatoka bure na hakuna anayethubutu kudai. Dalili yake ni daftari linaloonyesha viti vimetoka, huku safu ya malipo ikiwa tupu. Kwa hiyo, kabla ya kununua kiti cha kwanza, kikundi kikubaliane kwa maandishi kwamba hata mwenyekiti atalipa.