Linki inayofungua WhatsApp yako hata kama mteja hajasevu namba

Ukitembea ufuoni Watamu utaona namba za simu kila mahali: ubavuni mwa boti, kwenye kibao cha anayekodisha baiskeli, nyuma ya tuktuk, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa mama wa samaki. Karibu zote zimeandikwa vile tunavyozitaja sisi, zikianza na 07 au 01. Kwa mtu wa Gede au Kilifi hiyo haina shida. Shida inaanza pale mgeni kutoka Italia, na Watamu hawakosekani, anapoisevu namba hiyo kwenye simu yake ya kwao.

Laini yake ni ya Italia, kwa hivyo simu ikiona namba isiyo na kodi ya nchi inadhani ni namba ya Italia pia. WhatsApp inaitafuta huko, haiipati, na jina la nahodha wetu halitokei kwenye orodha ya watu wa kuchati nao. Mgeni anajaribu mara mbili, anaona haina WhatsApp, anaenda kuongea na boti ya jirani. Nahodha hatajua hata kwamba alikuwa anatafutwa.

Linki ya kuchati inaondoa hilo tatizo, manake inabeba namba nzima pamoja na kodi ya nchi. Mteja akiigusa, chati inafunguka moja kwa moja. Hahitaji kusevu chochote, na simu yake haina nafasi ya kukisia nchi.

Tuseme wewe ndiye huyo nahodha, unapeleka wageni kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Watamu na jioni unaingia Mida Creek. Namba yako, kwa mfano tu, ni 0700 000 000. Toa ile sifuri ya mbele, weka 254 mahali pake, usiache nafasi katikati wala alama ya kujumlisha. Kisha itangulize na anwani ya WhatsApp hivi:

```
https://wa.me/254700000000
```

Basi, linki imekamilika. Hakuna programu ya kupakua wala mtu wa kumlipa akutengenezee. Ukiwa na laini inayoanza na 01 kanuni ni ile ile: 0110 inakuwa 254110.

Kosa tunaloliona zaidi ya yote ni kuacha sifuri, yaani 2540700. Macho hayalioni haraka, kwa hivyo hesabu tarakimu. Namba ya simu ya mkononi ya Kenya ikiandikwa sawasawa hapa ina tarakimu 12, si 13. Kosa la pili ni kuweka namba ya tili badala ya namba ya simu, kwa sababu ndiyo wateja wameizoea wakati wa kulipa. Namba ya tili inapokea pesa, lakini haina WhatsApp. Ukifanya kosa lolote kati ya haya, mteja akigusa linki atapata ujumbe kwamba namba hiyo haiko WhatsApp au si sahihi.

Sasa tuongeze kitu ambacho kwa mfanyabiashara wa Watamu ni cha maana kuliko linki yenyewe: maneno yanayokuwa yameshaandikwa mteja anapofungua chati. Wageni wengi huandika neno moja tu la salamu, halafu wanasubiri. Wewe uko majini, mtandao unakatika, na unaporudi ufuoni una salamu kumi usizojua ni za nini. Lakini chati ikifunguka na swali tayari, mteja anachofanya ni kubonyeza kutuma, nawe unajua anataka nini.

Maneno hayo yanaingia baada ya namba, yakitanguliwa na ?text= bila nafasi. Nafasi kati ya neno na neno inaandikwa %20. Mfano kwa wateja wa hapa nyumbani:

```
https://wa.me/254700000000?text=Habari%20nahodha,%20nauliza%20bei%20ya%20boti
```

Na kwa wageni wa Kiitaliano unaweza kuwa na linki ya pili yenye namba ile ile:

```
https://wa.me/254700000000?text=Buongiorno,%20vorrei%20la%20barca
```

Faida yake ndogo nzuri ni kwamba salamu ikija kwa Kiitaliano unajua mara moja imetoka kwenye linki ipi, hata kabla hujaangalia kama namba inaanza na +39.

Kwa nini usiache nafasi za kawaida tu? Kwa sababu ukiituma linki kwa meseji, simu huikata pale inapokutana na nafasi ya kwanza. Utaijua kwa rangi: sehemu ya mwanzo inakuwa ya buluu, maneno yaliyobaki yanakuwa meusi kama maandishi ya kawaida. Mteja akigusa, chati inafunguka ikiwa na neno moja, “Habari”. Pia usitumie alama ya & katika maneno yako. Kwenye anwani ya mtandao alama hiyo hutenganisha vitu, kwa hivyo ukiandika “boti & chakula” mteja ataona “boti” peke yake. Andika “na”. Ni fupi vile vile na haikusumbui.

Kitu kimoja watu huelewa vibaya: linki haitumi meseji yenyewe. Inaandika tu. Mteja anaweza kufuta, kubadilisha au kufunga bila kutuma, na mpaka atume wewe huoni namba yake. Kwa hivyo bei usiiweke humo. Anayeweza kufuta anaweza pia kubadilisha elfu nne iwe elfu mbili, akakutumia kama ndiyo uliyoitangaza.

Ukimaliza, ijaribu, lakini si kwenye simu yako. Ukigusa linki yako mwenyewe itafungua chati ya kujiandikia, na hutajua kama kwa mwingine inafanya kazi. Omba simu ya mtu ambaye hajasevu namba yako, mgeni mwenye laini ya nje akiwepo ni bora zaidi, umtumie linki na umwangalie akiigusa. Meseji ikikufikia, sawa. Sasa unaweza kuiweka kwenye ukurasa wako wa Facebook au Instagram. Kama unatumia WhatsApp Business, humo ndani kwenye zana za biashara kuna Short link, inayokutengenezea linki fupi na alama ya QR ya kuchapisha. Kwa anayeogopa hizo %20 hiyo ndiyo njia rahisi, na maneno ya mwanzo unaweza kuyabadilisha baadaye bila kuchapisha upya.

Kabla hujamwita fundi apake rangi linki ubavuni mwa boti, fikiria laini yenyewe. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuifunga na kumpa mtu mwingine. Mtu huyo akifungua WhatsApp kwa namba hiyo, linki yako ya zamani inamfungukia yeye. Mgeni aliyepiga picha boti yako mwaka jana ataandika “nataka kulipa amana ya kesho”, na anayejibu si wewe. Kwa hiyo weka kwenye linki laini unayokusudia kubaki nayo. Ukilazimika kuiacha, zungukia kwanza vibao, kurasa na kadi zote uzibadilishe.

Linki inafanya kazi upande wa pili pia. Hoteli imekupa namba ya mgeni kwenye karatasi ili umthibitishie saa ya kuondoka kulingana na maji kupwa na kujaa. Ni mteja wa siku moja, huna haja ya kumsevu, na ukimsevu ataongezeka kwenye orodha ya wanaoweza kuona picha yako kama umeiruhusu kwa waliosevuliwa tu. Fungua kivinjari kwenye simu, andika wa.me/ kisha namba yake kamili, na chati itafunguka. Angalia tu alivyoandika: Waingereza wengi huandika +44 halafu (0) kwenye mabano. Hiyo sifuri ya mabano itoe. Namba za simu za mkononi za Italia zenyewe huanza na 3 baada ya 39, hazina sifuri ya kutoa.

Tumalizie na pesa, kwa sababu chati ikifunguka kinachofuata kwa kawaida ni amana.

Linki ya kuchati inafungua mazungumzo, haithibitishi unaongea na nani. Mtu yeyote anaweza kutengeneza linki ya namba yoyote, akaandika juu yake jina la boti yako au hata la kampuni ya malipo. Jina unaloliona kwenye chati ya mtu usiyemsevu, lile lenye alama ya ~ mbele, amejiandikia mwenyewe. Kwa hivyo kama wewe ndiye unayelipa, soma tarakimu zilizo kwenye linki uzilinganishe na namba unayoijua, na wakati wa kulipa linganisha jina la aliyesajiliwa na yule uliyekubaliana naye. Yakipishana, simama hapo, mpigie simu kwanza. Angalia pia mwanzo wa anwani: baada ya wa.me inafuata alama ya mkwaju /. Ikiwa inafuata nukta na maneno mengine, hiyo ni tovuti ya mtu mwingine kabisa. Na ukurasa wowote unaokuomba namba ya siri ili “ufungue chati” ufunge papo hapo, kwa sababu kuchati hakuhitaji namba ya siri.

Kama wewe ndiye unayelipwa, skrinshoti ya muamala iliyotumwa kwenye chati si malipo. Picha huhaririwa kwa dakika mbili. Ujumbe uliofowadiwa ukionekana kama wa kampuni pia si malipo. Amana imeingia pale tu salio lako limeongezeka, na hilo unalitazama kwenye menyu ya simu yako wewe, si kwenye chati. Namba yako ikishakuwa hadharani, tegemea pia simu za “nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie”. Usirudishe kwa mkono. Tazama salio, na kama kweli pesa ziliingia, mwambie aombe zirudishwe kupitia huduma kwa wateja.

Nahodha anayetaka kutenganisha mambo anaweza kuweka WhatsApp Business kwenye laini moja ya kuchati, kisha akapokea amana kwenye namba ya tili peke yake, na kuitaja tili hiyo ndani ya chati baada ya kukubaliana bei, saa na idadi ya watu. Mteja anaona jina la biashara anapolipa, na laini yenye pesa zake za nyumbani haionekani popote ufuoni.